Pembe ya Bapa na Kimo cha Pampu: Kwa Nini Uteleko si Upotevu

Anayekokotoa kimo cha pampu ya sentrifugo kwa pembetatu za kasi, kisha akasoma geji za maabara, hukuta pengo kubwa kati ya hesabu na kipimo. Wengi hulipa pengo hilo lote jina la msuguano. Makala hii inadai kwamba sehemu kubwa ya nishati inayodhaniwa imepotea haikupotea, kwa kuwa impela haikuwahi kuyapa maji nishati hiyo.

Msingi wa hesabu ni mlinganyo uliotokana na kazi ya Leonhard Euler katika miaka ya 1750:

H = (u2·cu2 − u1·cu1)/g

Hapa u ni kasi ya impela yenyewe, na cu ni sehemu ya kasi halisi ya maji inayofuata mzunguko wa impela. Namba 1 ni mahali pa kuingilia, na 2 ni ukingo wa kutokea. Maji yakiingia bila kuzunguka, cu1 ni sifuri, na kimo chote hutegemea pembetatu ya kutokea. Pande zake tatu ni u2, kasi halisi ya maji c2, na w2, yaani kasi ya maji kama ambavyo angeiona mtu aliyepanda impela. Tukichukulia kwamba w2 inafuata bapa barabara, na kwamba β2 ni pembe kati ya bapa na tanjenti ya ukingo, tunapata:

cu2 = u2 − cm2/tan β2

ambapo cm2, kasi ya maji kuelekea nje, ni Q/(π·D2·b2) tukipuuza unene wa mabapa.

Tuchukue impela yenye kipenyo cha mm 260, upana wa mm 20 ukingoni, mabapa 6 na β2 ya nyuzi 25, ikizunguka mara 1450 kwa dakika na kupitisha lita 30 kwa sekunde. Kasi ya ukingo, u2, ni m/s 19.74, na cm2 ni m/s 1.84. Hivyo cu2 ni m/s 15.80, na kimo ni mita 31.8.

Kosa limo katika dhana kwamba maji yanafuata bapa. Mabapa 6 hayatoshi kuyaongoza maji yote yaliyo kati yao. Maji yaliyoingia bila kuzunguka huelekea kubaki hivyo, kwa hiyo ndani ya njia inayozunguka hujitokeza mzunguko mdogo wa kinyume, ambao ukingoni huyarudisha maji nyuma. Huo ndio uteleko. Kanuni ya Wiesner ya mwaka 1967 hukadiria kigezo chake:

σ = 1 − √(sin β2)/Z^0.7

Kwa mabapa 6 (Z), σ ni 0.81. Kasi ya uteleko, (1 − σ)·u2, ni m/s 3.66, cu2 hushuka hadi m/s 12.14, na kimo hadi mita 24.4.

Je, mita 7.4 zilizoondoka ni upotevu? Mota ndiyo shahidi. Kama impela ingekuwa imetoa mita 31.8 kisha nyingine zikapotea ndani ya maji, ingelazimika kuyapa maji kilowati 9.4. Tukiondoa msuguano wa beringi na wa kuta za nje za impela, pamoja na uvujaji, tutakuta maji yamepokea takribani kilowati 7.2, sawa na mita 24.4. Nishati ambayo mota haikuitoa haiwezi kuhesabiwa kuwa imepotea njiani.

Tofauti hii hubadili uamuzi wa fundi. Tuseme geji zinaonyesha mita 21.5. Anayegawanya kwa 31.8 atasema ufanisi wa njia za maji ni asilimia 68, na ataanza kulainisha kuta na kuchonga upya kasha. Anayegawanya kwa 24.4 atapata asilimia 88, na ataona kwamba hakuna ukwaru mkubwa wa kuondoa.

Hesabu hiyo hiyo hupunguza mvuto wa kuongeza β2. Bapa lililosimama nyuzi 90 lingetoa mita 39.7 bila uteleko, yaani karibu mita 8 zaidi. Lakini hapo σ hushuka hadi 0.71 na kimo kinakuwa mita 28.4: faida imebaki mita 4, tena sehemu kubwa zaidi ya nishati inatoka ikiwa mwendo unaopaswa kugeuzwa shinikizo ndani ya kasha, na hapo upotevu wa kweli huanza. Zaidi ya hayo, kwa nyuzi 25 kimo hupungua kadiri mtiririko unavyoongezeka. Kwa nyuzi 90 kimo cha nadharia hakibadiliki, na upotevu ukiongezwa mkunjo wa pampu unaweza kupanda kabla ya kushuka, hali inayoleta mtetemo wa mtiririko.

Kanuni ya Wiesner ina mipaka: ni kadirio lililolinganishwa na vipimo, nayo huyumba mabapa yakiwa mafupi mno au mtiririko ukiwa mbali na ule uliosanifiwa. Hata hivyo, msanifu aitumie kabla ya kugusa ufanisi: kwanza apunguze cu2, ndipo akate upotevu.