Majina ya Nchi za Kubuni: Funzo la Ramani ya Kongwa

Mwandishi anayebuni nchi isiyokuwapo hutakiwa kutimiza mambo mawili yanayovutana: majina yake yasikike kuwa ya watu wa mila moja, na msomaji ayatofautishe bila taabu. Shaaban Robert, katika *Kusadikika* (1951), aliyaunganisha majina kwa maana. Karama, Majivuno na Buruhani ni maneno ambayo msomaji anayafahamu tayari, kwa hiyo hayamkwazi. Lakini njia hiyo hufichua tabia ya mhusika kabla hajatenda lolote. Makala haya yanatetea njia nyingine, ya kuyaunganisha majina kwa sauti, na ushahidi wake umo katika ramani ya wilaya ya Kongwa, mkoani Dodoma, na jirani zake wa Ugogo.

Chitego, Chiwe, Chilonwa, Mlali, Mkoka, Mtanana, Iduo, Ihumwa. Hata asiyejua Kigogo huhisi kwamba majina haya ni ya eneo moja. Umoja huo hautokani na herufi za ajabu. Unatokana na mianzo michache inayojirudia, Chi-, M- na I-, na silabi zinazoishia kwa irabu.

Kosa la kawaida ni kuushika mwanzo mmoja tu. Tuseme mwandishi amebuni vijiji vinne: Chilema, Chilamba, Chilomo na Chiluma. Umoja upo, ila msomaji hukumbuka zaidi mwanzo wa jina na urefu wake, na hapa vyote viwili vinalingana. Utaligundua kosa pale msomaji wa rasimu anapofunua kurasa za nyuma kutafuta ni kijiji kipi kilichoungua. Mwandishi abakize Chilamba, vingine aviite Mgela, Isuwo na Mapanguluka. Mila ni ileile, lakini kila jina lina sura yake. Kwa watu pia, Mazengo, Malecela na Lusinde ni majina ya Kigogo yanayoelekeza njia. Ila wahusika wawili wanaokutana mara kwa mara wasianze kwa silabi moja.

Kongwa ina pia Nghumbi na Manghweta, yenye sauti ambayo Kiswahili sanifu hakina. Jina la namna hii huipa nchi ya kubuni ladha yake, lakini lisipewe mhusika mkuu, kwa sababu msomaji atajikwaa kila ukurasa. Linafaa mlima au kijiji kinachotajwa mara chache.

Hatimaye, ramani halisi haifuati kanuni moja tupu. Kongwa, wanakokutana Wagogo na Wakaguru, ina pia Zoissa, jina lisilofanana na wenzake. Msomaji akikutana na jina geni, hudhani kuna watu wengine nyuma yake. Basi mwandishi aliweke mpakani, sokoni au katika ukoo wa wahamiaji, penye sababu ya kuwapo. Likitupwa popote, msomaji ataacha kuziamini hata kanuni zilizofuatwa vizuri.