Mlipuko wa Maradhi

Mtu wa Ifakara akisikia redioni kwamba hospitali imetoa taarifa juu ya "mlipuko wa kipindupindu", neno la kwanza kumgonga sikioni ni lile la baruti, na moyo wake hushtuka kana kwamba kishindo kimekwisha kupiga. Ilhali maradhi yenyewe aghalabu huingia mjini kimya kimya, ndani ya ndoo ya maji.

Matabibu hawakulikusudia neno hilo kwa kishindo, bali kwa hesabu. Kwao mlipuko ni kuzidi kwa idadi ya wagonjwa kupita kiasi kinachotarajiwa mahali fulani na katika majira fulani, na kwa hiyo huwezi kuutambua usipojua kwanza desturi ya mahali penyewe. Katika bonde la Kilombero malaria ni mkazi wa siku zote, na wodi iliyojaa homa wakati wa masika yaweza isiwe mlipuko hata kidogo. Lakini mgonjwa mmoja tu wa kipindupindu, akiisha kuthibitishwa na maabara, na ikabainika kuwa ameambukizwa papo hapo wala hakuyaleta maradhi kutoka safarini, atosha kuitwa mlipuko. Wengi wanaougua kimoja, mmoja anaougua kingine, na jina likamwangukia yule mmoja: hapo ndipo msikilizaji hupotea, na hapo ndipo taarifa ya hospitali inapopaswa kumshika mkono.

Wenzetu wa Unguja husema "mripuko", na tofauti ni ya matamshi tu. Mimi binafsi ningalipenda "kuzuka", kwa kuwa kitendo hicho kina utulivu zaidi na hakimtishi mtu bure. Walakini tukitaka kukitolea jina, "mzuka" umekwisha kuchukuliwa na mapepo, na sidhani kama kuna mganga mkuu atakayekubali kutia sahihi taarifa ya mzuka wa kipindupindu. Basi na tulikubali neno la baruti katika kichwa cha habari, na chini yake tuseme kwa upole kwamba maradhi yamezuka, wapi, na tangu lini. Kadhalika yule ambaye vipimo vyake havijarudi asiitwe "mshukiwa", kama aliyeiba kuku, bali "mhisiwa", nalo ni neno linalomwachia heshima yake.

Kisa cha mwaka 1997 chaonyesha namna maradhi haya yanavyozuka. Kipindupindu kilipoingia Ifakara mwaka huo, watafiti waliwahoji wagonjwa 180 wa mwanzo na watu 360 wasiougua, wakalinganisha mienendo yao, ikadhihirika kwamba waliougua walielekea zaidi kuwa wenye kuoga mtoni, wakaao mbali na maji, na wenye kula samaki wakavu. Kisha vijidudu vya aina ya El Tor vikapatikana katika chanzo kikuu cha maji ya mji na katika choo cha wagonjwa, na vilipopimwa nasaba vikaonekana kuwa vya asili moja.

Taarifa iliyoandikwa vizuri, kwa hiyo, huutaja mto na kisima kabla ya kuutaja woga. Husema kwamba dalili huanza baina ya saa chache na siku 5 baada ya kuambukizwa. Kwamba mgonjwa huharisha ghafla choo cha majimaji, cheupe kama maji yaliyooshewa mchele, aghalabu bila msokoto wa tumbo, na pengine hutapika. Na kwamba hatari yenyewe ni kukaukiwa maji, ambako hujulikana kwa macho kudidimia, mkojo kupungua, na ngozi ya tumbo ambayo ikifinywa hukawia kurudi. Hueleza pia kwamba wengi walioambukizwa huugua kidogo au hawaugui kabisa, nao huweza kuambukiza, jambo ambalo waandishi wa taarifa hulisahau mara nyingi.

Juu ya mahali pa kutibiwa, kosa lililozoeleka ni kuitaja hospitali kubwa peke yake, hata mtu wa kijiji cha mbali akaona ni lazima asubiri gari la kwenda Ifakara mjini, na saa anazosubiri ndizo zinazoua. Agizo lililo sawa ni aende zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, naye aliyelegea hata hawezi kunywa apelekwe bila kukawia penye dripu. Njiani asiache kunywa: pakiti 1 ya chumvichumvi katika lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, na ikikosekana pakiti, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, katika lita hiyo hiyo 1. Yatakayobaki baada ya siku moja yamwagwe.