Mtihani wa Maisha nchini Uingereza

Mtihani wa Maisha nchini Uingereza, ambao kwenye tovuti ya serikali huandikwa *Life in the UK Test*, ni mtihani wa kompyuta unaopima ujuzi wa historia, sheria, desturi na mfumo wa utawala wa Ufalme wa Muungano. Mgeni anayeomba ukaazi wa kudumu au uraia wa tajnisi nchini humo hutakiwa kuufaulu kabla ya kuwasilisha ombi lake. Msingi wake ni sheria ya uraia na uhamiaji ya mwaka 2002. Ulianza Novemba 2005 kwa waombaji wa uraia, na Aprili 2007 ukaongezwa kwa waombaji wa ukaazi wa kudumu.

Wanaopaswa kuufanya

Mtihani unawahusu watu wenye umri wa miaka 18 hadi 64. Aliyetimiza miaka 65 amesamehewa. Mwenye ugonjwa au ulemavu wa muda mrefu, wa mwili au wa akili, unaomzuia kusoma na kufanya mtihani naye anaweza kusamehewa, ila lazima awe na maelezo ya daktari.

Aliyefaulu wakati wa kuomba ukaazi harudii anapoomba uraia. Jambo hili lina uzito kwa Watanzania. Sheria ya nchi yao hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, kwa hiyo wako wanaoamua kuishia kwenye ukaazi wa kudumu ili wasiupoteze uraia wao. Uamuzi huo hauwaondolei mtihani. Mkenya, ambaye Katiba ya 2010 inamruhusu kuwa na uraia pacha, hufanya mtihani huohuo mara moja na kuutumia katika hatua zote mbili.

Kuweka nafasi

Nafasi huwekwa kwenye GOV.UK, tovuti ya serikali. Mtahiniwa hufungua akaunti kwa barua pepe yake, huingiza taarifa za kitambulisho, huchagua kituo na siku, kisha hulipa pauni 50 kwa kadi ya benki. Vituo viko zaidi ya 30 nchini kote. Nafasi lazima iwekwe angalau siku 3 kabla ya mtihani. Anayeahirisha au kughairi siku 3 au zaidi kabla hapotezi fedha yake. Akichelewa, ada haitarudi. Tovuti za watu binafsi zinazotoza zaidi kwa ahadi ya kumwekea mtu nafasi hazina njia nyingine ya kuipata isipokuwa hiyohiyo ya serikali.

Utambulisho

Sehemu hii ndiyo inayowaangusha watu ambao wamejiandaa vizuri. Vitambulisho vinavyokubaliwa ni vichache: pasipoti ambayo haijaisha muda, hati ya kusafiria yenye picha, na kadi ya ukaazi yenye alama za vidole na picha. Hati ya kusafiria ya dharura haikubaliwi. Tangu mwishoni mwa 2024 Uingereza imeacha kutoa vibali vya ukaazi vya kadi na badala yake hutumia kumbukumbu za kidijitali, kwa hiyo pasipoti imezidi kuwa kitambulisho cha kutegemewa.

Masharti ni mawili. La kwanza, jina lililoandikwa wakati wa kuweka nafasi lazima lilingane na lililo kwenye kitambulisho, neno kwa neno. La pili, kitambulisho kinacholetwa kituoni lazima kiwe kilekile kilichotumika kuweka nafasi.

Sharti la jina lina mtego kwa watu wa Afrika Mashariki, ambao wengi huandikwa jina lao, la baba na la babu, bila jina moja la ukoo linalorithiwa. Tuseme pasipoti ya mwombaji inasomeka Asha Hamisi Juma, lakini kazini na kwa daktari anajulikana kama Asha Juma. Akiweka nafasi kwa majina hayo mawili aliyoyazoea, msimamizi atalikosa jina la Hamisi kwenye orodha yake na anaweza kumkatalia kuingia, na ada haitarudishwa. Hali ni hiyohiyo kwa aliyeandikisha jina la mume wakati pasipoti bado ina jina la baba. Dawa yake ni kuinakili pasipoti kama ilivyo, jina la kati likiwemo, kuikagua barua pepe ya uthibitisho siku hiyohiyo, na kusahihisha kosa kabla tarehe haijakaribia.

Kituoni mtahiniwa hupigwa picha ili kuthibitisha kwamba aliyefika ndiye mwenye kitambulisho. Anayekataa kupigwa picha hafanyi mtihani na harudishiwi fedha. Haruhusiwi kufika na watoto wala ndugu, na simu haiingii kwenye chumba cha mtihani. Kumfanyia mtu mwingine mtihani ni kosa la jinai.

Maswali na alama

Maswali ni 24 na muda ni dakika 45. Yote hutoka kwenye kitabu rasmi cha mwongozo, ambacho toleo lake la tatu lilitoka mwaka 2013. Mengine ni ya kweli au si kweli, mengine ya kuchagua jibu moja kati ya manne, na mengine hutaka majibu mawili. Mtihani hufanywa kwa Kiingereza, ingawa Wales mtu anaweza kuomba Kiwelisi na Scotland Kigaeli.

Kufaulu ni asilimia 75, yaani majibu 18 sahihi. Mwenye 17 ameanguka. Aliyeanguka husubiri siku 7 kabla ya kurudia, na kila mara hulipa upya. Idadi ya majaribio haina kikomo. Hesabu ya siku hizi inahitaji uangalifu visa inapokaribia kuisha. Anayeanguka tarehe 20, huku visa yake ikiisha tarehe 30, hawezi kurudia kabla ya tarehe 27, na hapo sharti kituo kiwe na nafasi. Kwa kuwa matokeo ya kufaulu hayaishi muda, mtu anaweza kuufanya mapema, miezi au hata miaka kabla ya kutimiza masharti mengine.

Maana ya kufaulu

Aliyefaulu hupewa namba ya kumbukumbu ya pekee, ambayo huijaza kwenye fomu ya kuomba ukaazi au uraia, na maofisa wa Wizara ya Mambo ya Ndani huitumia kuyahakiki matokeo. Waliofanya mtihani kabla ya tarehe 17 Desemba 2019 walipewa barua badala ya namba hiyo. Aliyeipoteza barua huambatanisha maelezo ya maandishi kwenye ombi lake.

Mtihani huu hauthibitishi ujuzi wa Kiingereza. Tangu Oktoba 2013 waombaji wa kawaida hutakiwa kutoa ushahidi wa lugha kando, hata kama mtihani wenyewe wameufanya kwa Kiingereza. Muda wa kuishi nchini na tabia njema navyo hupimwa kando. Kwa hiyo kufaulu kunatimiza sharti moja tu: hakumpi mtu haki ya kukaa, hakurefushi visa yake, na hakumfanyi raia mpaka ombi lake likubaliwe.