Kiasi nafuu cha kuagiza
Kiasi nafuu cha kuagiza ni idadi ya bidhaa kwa kila agizo inayofanya jumla ya gharama za kuagiza na za kutunza akiba iwe ndogo kabisa. Fomula yake, √(2DS/H), ilichapishwa na Mmarekani Ford W. Harris mwaka 1913.

Kwa mfano, duka la pembejeo mjini Ilula, mkoani Iringa, linauza mifuko 1,200 ya mbolea kwa mwaka (D). Kila agizo hugharimu shilingi 24,000 (S), na kutunza mfuko mmoja mwaka mzima shilingi 4,000 (H). Jibu ni mifuko 120: maagizo 10 ni shilingi 240,000, na akiba ya wastani, mifuko 60, pia 240,000. Likiagiza 240 kila mara, jumla hupanda kutoka 480,000 hadi 600,000, na mtaji mwingi zaidi hulala stoo.

Fomula huchukulia mauzo hayabadiliki. Wakulima wa nyanya wakinunua kwa msimu, mbolea inaweza kuisha.