Sauna ya Ufini, Hewa ya Mombasa

Wanaotetea sauna ya dakika 20 huegemea utafiti wa Kuopio, Ufini, uliochapishwa mwaka 2015. Uliwafuatilia wanaume 2,315, na waliozoea kukaa zaidi ya dakika 19 walionekana kufa ghafla kwa moyo mara chache kuliko waliotoka kabla ya dakika 11. Sauna zao zilikuwa na wastani wa nyuzi 79 za Selsiasi. Kosa ni kuuhamishia muda huo Mombasa bila kuuliza hewa inayopashwa moto ni ipi.

Jasho hupoza mwili pale tu linapokauka. Ngozi ikiwa na nyuzi 35 ndani ya sauna ya nyuzi 80, jasho hukoma kukauka unyevu wa chumba ukifika kama asilimia 12. Ukizidi hapo, mvuke hugeuka maji juu ya ngozi na kuiongezea joto. Sasa tuichukue hewa ya Mji wa Kale siku ya kaskazi: nyuzi 30, unyevu asilimia 75. Ikipashwa hadi nyuzi 80, unyevu wake hushuka hadi asilimia 7 hivi. Unyevu wa hewa ya Ufini ya nyuzi sifuri hushuka hadi asilimia 1. Katika chumba cha mita 10 za ujazo kisichopitisha hewa, robo tatu tu ya glasi ya maji juu ya mawe yatosha kuivusha sauna ya Mombasa mpaka ule wa asilimia 12. Ya Ufini huhitaji zaidi ya mara mbili. Kipimajoto husoma 80 kotekote.

Kuna pingamizi kwamba Wafini nao humwaga maji na kuuvuka mpaka huo makusudi. Ni kweli, lakini wao wakitoka huingia kwenye baridi. Anayetoka sauna karibu na Ndia Kuu usiku wa Machi hukutana na nyuzi 25 au zaidi na unyevu mzito, na maji ya bomba yenyewe ni vuguvugu. Moyo huendelea kwenda mbio. Hata uzoefu si kinga: huko Heinola, Ufini, mwaka 2010, katika mashindano ya dunia ya sauna yenye nyuzi 110 na maji yaliyomwagwa kila baada ya sekunde 30, mshindani Vladimir Ladyzhensky alizimia baada ya kama dakika 6, kisha akafa.

Kwa mtu mzima mwenye afya, makala haya yanapendekeza nyuzi 70 hadi 80, dakika 8 hadi 10, kisha mapumziko ya muda huohuo au zaidi kwenye feni, na maji ya kunywa. Kizunguzungu, kichefuchefu au moyo kupiga kwa nguvu ni amri ya kutoka hata dakika ya 3, kwa kunyanyuka polepole. Pombe isitangulie.

Bafu la maji moto ni kali zaidi kuliko sauna kwa kila nyuzi, kwa kuwa jasho halikauki chini ya maji. Nyuzi 40 ndizo kikomo. Wajapani, waliozoea kuoga hivyo, hushauriwa wasizidi 41 wala dakika 10.