Sauri, Kenya: Kwa nini hesabu ya "kabla na baada" haikutosha

Mwaka 2004 kijiji cha Sauri, kilichopo Siaya magharibi mwa Kenya, kilikuwa cha kwanza kuingizwa katika Mradi wa Vijiji vya Milenia, ulioongozwa na mwanauchumi Jeffrey Sachs wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani. Wakazi walipatiwa mbolea, mbegu bora, vyandarua na huduma za afya. Baadaye viliongezwa vijiji vingine, vikiwamo Ruhiira nchini Uganda, Mayange nchini Rwanda na Mbola nchini Tanzania.

Baada ya miaka michache, mradi ulitoa takwimu za hali ilivyokuwa mwanzoni na ilivyokuja kuwa. Mabadiliko yalikuwa makubwa. Hata kaya zenye simu za mkononi zilikuwa zimeongezeka mno.

Mfano huo wa simu ndio unaofichua tatizo. Katika miaka hiyohiyo simu zilienea Kenya nzima, hata kule ambako mradi haukufika. Mwaka 2010 wachumi Michael Clemens na Gabriel Demombynes waliziweka takwimu za Sauri kando ya zile za vijiji vya mkoa wa Nyanza na vya Kenya kwa jumla. Katika vipimo kadhaa, nafuu iliyohesabiwa kuwa tunda la mradi ilionekana pia kwa majirani wasiohusika.

Swali lao lilikuwa: Sauri ingekuwaje leo kama mradi usingekuja? Hakuna awezaye kuishuhudia Sauri hiyo, hivyo hutafutwa vijiji vinavyofanana nayo, visivyopata msaada, viwe kundi la kulinganishia. Njia iliyo imara zaidi ni kuorodhesha vijiji vinavyofaa, kupiga kura ni vipi vianze, na kuvipima vyote kabla ya kazi kuanza. Vijiji vya kulinganishia vya mradi huu viliteuliwa baadaye, na hali yao ya mwanzo haikuwa imepimwa.

Hata ulinganisho waweza kupotosha. Mwezi Mei 2012 watafiti wa mradi waliandika katika jarida la tiba la Lancet kwamba vifo vya watoto wadogo vilipungua vijijini mwao mara tatu zaidi ya ilivyokuwa maeneo mengine ya mashambani ya nchi hizo. Wakosoaji waligundua kuwa miaka michache ya mradi ililinganishwa na wastani wa takriban mwongo mzima wa taifa, ilhali kasi ya kitaifa ilikuwa imeongezeka katika miaka ya karibuni. Watafiti waliliondoa dai hilo.

Haimaanishi kwamba mradi haukufaa kitu. Tathmini ya mwisho, iliyochapishwa mwaka 2018, iliteua kwa uangalifu vijiji vya kulinganishia, ikaona matokeo mema katika vipimo 30 kati ya 40. Hata hivyo, uteuzi huo nao ulifanywa baada ya mradi kuanza, na hali ya mwanzo ya vijiji hivyo ilibidi ikadiriwe.