Ngoma, Vailini na Kanzu

Ebrahim Hussein, aliyezaliwa mwaka 1943 katika pwani ya kusini ya Tanzania, anajulikana zaidi kwa tamthilia ya *Kinjeketile* (1969). Shairi lake fupi, «Ngoma na Vailini», nalo limeingia darasani, na huko limezoea kupewa jibu moja: nafsi ni Mwafrika anayevutwa na utamaduni wake kwa upande mmoja na Uzungu kwa upande wa pili.

Mwaka mmoja nilipokuwa nikifundisha Mtwara, mwanafunzi kutoka Msimbati, jirani na mlango wa Ruvuma, aliandika kwamba mvutano ni wa Mswahili na nafsi yake. Msahihishaji akamnyima alama. Tangu hapo nimelisoma shairi hilo kwa jicho jingine.

Tuanze na muundo. Ni shairi huru, halina vina wala mizani ya kawaida. Kwa hiyo linalolishikilia ni mpangilio wa mvuto. Kwanza ngoma inaushika mwili: moyo unadunda, damu inakwenda mbio. Kisha vailini inaiita roho. Hadi hapo msahihishaji yu sahihi, tena neno lenyewe linamsaidia. Watu wa taarabu wana jina lao la ala hiyo, fidla. Mshairi akachagua «vailini», neno lenye sauti ya ugeni.

Lakini shairi haliishii hapo. Mwishoni sauti za ala zinanyamaza, yanakuja maswali ya vazi na ibada, na kanzu imo. Hapa mvutano si wa Afrika na Ulaya tu. Kanzu haikuletwa na Mzungu, wala fidla si ngeni kwa pwani iliyolea vikundi vya taarabu kama Nadi Ikhwan Safaa cha Unguja, kilichoasisiwa mwaka 1905. Kichwa cha shairi kinataja vitu viwili. Hitimisho lake linaleta cha tatu, na hicho ndicho jibu la darasani hukiruka.

Ndipo tunapomfahamu msemaji. Si lazima awe Hussein mwenyewe. Ni nafsi iliyobuniwa, isiyotuhubiria bali inayouliza. Maswali yake hayajibiwi, nayo hajui ni nani atakayeisikia dua yake. Ukimfanya mtetezi wa ngoma, au mtumwa wa vailini, umemjibia jambo ambalo yeye mwenyewe ameshindwa kulijibu.

Mwanafunzi wa Msimbati aliyasikia maswali hayo bila kufafanuliwa. Kwao msikiti na ngoma za Wamakonde ni majirani, na mtu huweza kutoka swala akaisikia ngoma kabla hajavua kofia. Kosa lake lilikuwa kusahau vailini. Kosa la msahihishaji, kuisahau kanzu. Shairi linawataka wote wawili wasome hadi mstari wa mwisho.